Somo la 14: Kushikilia, Kuthibitisha na Kuachia Tarehe – Viambishi Vinavyoonyesha Hali ya Nafasi

Lengo la somo

Baada ya somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze kueleza jinsi viambishi vya ukanushi na vya masharti vinavyotofautisha nafasi iliyoshikiliwa kwa muda, iliyothibitishwa na iliyoachiwa. Na aweze kuwaongoza wanafunzi wake kuandika barua na kumbukumbu za kalenda zisizoacha shaka.

14.1 Utangulizi

Mtu aliyepanga foleni anapomwambia jirani yake, "Nishikie nafasi, narudi sasa hivi," anaingia katika makubaliano ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anayaelewa. Nafasi ile si ya jirani. Wala haiwezi kusemwa kuwa ni ya aliyeondoka moja kwa moja, kwa maana asiporudi foleni itasonga na hakuna atakayelaumiwa. Nafasi imeshikwa, lakini imeshikwa kwa sharti na kwa muda.

Makubaliano ya namna hiyo hufanyika kila siku katika ofisi. Katika mtaa wa Kimihurura jijini Kigali, penye Jumba la Mikutano la Kigali lililofunguliwa mwaka 2016 pamoja na kumbi na ofisi nyingi za umma, anayetaka kufanya mkutano huanza kwa kuomba ashikiwe tarehe. Baadaye huithibitisha au huiachia ili wengine waitumie. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi atakayefundishwa na msomaji wa kitabu hiki anaweza kutakiwa kuandika barua kama hizo kwa Kiswahili sanifu.

Tofauti iliyopo kati ya foleni na ofisi ni kwamba kwenye foleni wahusika wanaonana, lakini katika ofisi kinachobaki ni maandishi tu. Hali ya nafasi ni lazima ionekane katika maneno yenyewe. Somo hili litaonyesha kuwa katika Kiswahili kazi hiyo haifanywi na njeo ya wakati ujao, bali hufanywa zaidi na ukanushi.

14.2 Upungufu wa kiambishi -ta-

Tazama sentensi hii:

(1) Tutatumia ukumbi tarehe 7 Julai.

Msimamizi wa ukumbi akiisoma, anaweza kuelewa kwamba mkutano umekwisha kuamuliwa, naye atawakataza wengine. Mhasibu wa chama kilichoandika sentensi hiyo anaweza kuielewa kama mpango tu, naye hatatenga fedha. Wote wawili wamesoma Kiswahili sawasawa. Kiambishi -ta- kinaeleza kuwa tendo liko mbele ya wakati wa kusema. Hakielezi kama wahusika wamefungana.

Waandishi wengine hujaribu kuziba pengo hilo kwa maneno ya shaka:

(2) Huenda tukatumia ukumbi tarehe 7 Julai.

(3) Tungependa kutumia ukumbi tarehe 7 Julai.

Sentensi ya (2) inaeleza kiasi cha uhakika alichonacho msemaji, na ya (3) inaeleza matakwa yake kwa adabu. Hakuna hata moja inayomwambia msimamizi afanye nini na kalenda yake. Shaka ni jambo lililo moyoni mwa msemaji, ilhali hali ya nafasi ni jambo lililo kati ya watu wawili. Mtu anaweza kuwa na hakika kabisa kwamba mkutano utafanyika huku ukumbi ukiwa bado haujathibitishwa. Na anaweza kuwa na wasiwasi mkubwa juu ya mkutano ambao ukumbi wake umethibitishwa na kulipiwa.

Hata kitenzi *kuhifadhi*, kinachotumika sana katika barua za aina hii, hakitoshi peke yake. "Ukumbi umehifadhiwa" inaweza kumaanisha umewekwa kando kwa siku chache, au umekwisha kukabidhiwa. Kitenzi *kushikia*, katika kauli ya kutendea, ni bora zaidi kwa hatua ya kwanza, kwa sababu kinabeba maana ile ile ya foleni: "Tumewashikia tarehe 7 Julai." Hata hivyo, nacho kinahitaji kusaidiwa na viambishi tunavyovieleza sasa.

14.3 Kanushi tatu za nafasi moja

Chukua kitenzi *kuthibitishwa* na ukikanushe kwa njia tatu:

(4) *haijathibitishwa*

(5) *isipothibitishwa*

(6) *haikuthibitishwa*

Mwanafunzi asiyefundishwa vizuri huziona kanushi hizi kuwa karibu sawa. Kwa kweli kila moja inashika hatua yake katika maisha ya nafasi ya muda.

*Haijathibitishwa* ina kiambishi -ja-. Kiambishi hiki kinakanusha tendo kuwa limefanyika hadi sasa, lakini kinaacha mlango wazi: tendo bado linatazamiwa. Ndiyo maana hupenda kuandamana na neno *bado*. Tarehe ambayo "bado haijathibitishwa" ni tarehe ambayo mtu fulani anaisubiri, na mwingine asiichukue.

*Isipothibitishwa* ina viambishi -si- na -po-, vinavyojenga sharti la kukanusha. Hapa ndipo mwandishi anapoeleza jambo ambalo barua nyingi hulisahau, yaani nini kitatokea ikiwa hakuna atakayesema lolote. "Isipothibitishwa kufikia Ijumaa, itaachiwa" ina maana kwamba ukimya wenyewe utakuwa jibu. Pasipo kishazi hiki, nafasi ya muda haina mwisho.

*Haikuthibitishwa* ina kiambishi -ku- cha ukanushi wa wakati uliopita. Mlango umefungwa. Muda ulikuwapo, ukapita, na tendo halikufanyika. Sentensi hii haiwezi kuandikwa kabla ya mwisho wa muda uliotajwa. Ikiandikwa, inamnyima mtu haki yake kabla ya wakati.

Ukiziweka pamoja unapata historia nzima ya nafasi iliyoachiwa: leo *haijathibitishwa*, *isipothibitishwa* itaachiwa, mwisho wake *haikuthibitishwa*, kwa hiyo imeachiwa. Historia ya nafasi iliyofanikiwa ni fupi zaidi: *haijathibitishwa*, kisha *imethibitishwa*. Kiambishi -me- katika *imethibitishwa* kinaonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangalipo, na hayo ndiyo msimamizi wa kalenda anayotaka kuyajua.

Wanafunzi wa Rwanda wana msaada mkubwa hapa kutoka lugha yao ya kwanza. Kinyarwanda nacho hutenganisha *ntaraza*, yaani "hajaja", na *ntiyaje*, yaani "hakuja". Mwalimu anaweza kuanza na jozi hiyo, aulize ni yupi kati ya wageni hao wawili anayestahili kuwekewa kiti, kisha avuke kwenda *haijathibitishwa* na *haikuthibitishwa*. Dhana tayari wanayo, kwa hiyo wanachojifunza ni umbo lake katika Kiswahili.

14.4 Sharti: akithibitisha, atakapothibitisha, angethibitisha

Mara nyingi nafasi hushikiliwa kwa sababu jambo jingine linangojewa: mgeni rasmi hajajibu, au fedha hazijaidhinishwa. Sababu hiyo inapotajwa, kiambishi kinachochaguliwa kinaweza kubadili ahadi yote.

(7) Mgeni rasmi akithibitisha, tutalipia ukumbi.

(8) Mgeni rasmi atakapothibitisha, tutalipia ukumbi.

(9) Mgeni rasmi angethibitisha, tungelipia ukumbi.

Katika (7), -ki- inaacha njia mbili wazi: huenda akathibitisha, huenda asithibitishe. Hii ndiyo sentensi ya nafasi ya muda. Katika (8), -takapo- inachukulia kuwa atathibitisha, na kinachongojewa ni wakati tu. Msimamizi anayeisoma ana haki ya kuamini kuwa malipo yatakuja. Katika (9), -nge- inaonyesha kuwa sharti halielekei kutimia. Msomaji makini atahisi kuwa mgeni amekwisha kukataa, na anaweza kuiachia nafasi mara moja.

Kosa linaloonekana zaidi katika maandishi ya wanafunzi ni kutumia (8) mahali pa (7), kwa kuwa -takapo- inasikika kuwa rasmi zaidi. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mwulize mwandishi, "Na asipothibitisha?" Akijibu kwamba watatafuta njia nyingine, basi alikusudia -ki-. Akishangaa swali, basi -takapo- ilikuwa sahihi.

14.5 Ni kipi hasa ambacho hakijathibitishwa?

Mkutano una sehemu zaidi ya moja: tarehe, ukumbi, mgeni, idadi ya washiriki. Kila sehemu ina hali yake. Kiswahili kinatupa kifaa cha kuzitenganisha bila maneno mengi, nacho ni upatanisho wa kisarufi:

(10) Tarehe imethibitishwa, ila ukumbi haujathibitishwa.

(11) Ukumbi umethibitishwa, ila washiriki hawajathibitishwa.

Viambishi i-, u- na wa- vinamwambia msomaji ni kipi kinachosemwa. Mwandishi anayeandika "Bado haijathibitishwa" bila kutaja nomino anamlazimisha msomaji akisie kama *i-* inarejelea tarehe, nafasi, hafla au semina, kwa kuwa nomino hizo zote zina upatanisho mmoja. Kwa sababu hiyo, katika maandishi ya kalenda nomino isiachwe, hata kama sarufi inaruhusu.

Mfano unaojulikana unatoka Kigali kwenyewe. Mwaka 2018 Rwanda ilichaguliwa kuwa mwenyeji wa Mkutano wa Wakuu wa Serikali wa Jumuiya ya Madola. Mkutano ulipangwa kufanyika Juni 2020. Kwa sababu ya janga la Uviko-19, uliahirishwa hadi Juni 2021; Mei 2021 ukaahirishwa tena; hatimaye ulifanyika kuanzia tarehe 20 hadi 25 Juni 2022, na viongozi wakakutana katika Jumba la Mikutano la Kigali. Katika miaka hiyo yote mahali pa mkutano hapakubadilika. Tarehe ndiyo iliyotajwa, ikaachiwa, ikatajwa nyingine. Mtu ambaye Juni 2021 angeandika "Mkutano wa Kigali haujathibitishwa" angekuwa amekosea, maana Kigali ilikuwa imethibitishwa; kilichokuwa hakijathibitishwa ni tarehe. Sentensi sahihi ingekuwa: "Mahali pamethibitishwa, tarehe mpya haijathibitishwa."

Mfano huo unatufundisha pia kutenganisha vitenzi vitatu. *Kuahirisha* ni kusogeza shughuli mbele, na shughuli yenyewe inabaki. *Kufuta* ni kuiondoa shughuli isiwepo tena. *Kuachia* kunahusu nafasi tu: tarehe inarudishwa kwa mwenye ukumbi ili mwingine aitumie. Mkutano unapoahirishwa, tarehe yake ya zamani huachiwa, lakini mkutano haukufutwa. Anayeandika "tumefuta tarehe 6 Julai" anaweza kuwaogopesha washiriki bure, wakadhani semina haipo.

Programu za kalenda za simu na kompyuta hazitusaidii sana katika jambo hili. Muundo wa faili za kalenda unaotumiwa na nyingi kati yake unaruhusu tukio liwe na moja ya hali tatu tu:

```
STATUS:TENTATIVE
STATUS:CONFIRMED
STATUS:CANCELLED
```

Ya kwanza ni ya muda, ya pili imethibitishwa, ya tatu imefutwa. Hakuna neno la *imeachiwa*. Aidha, hali hiyo mara nyingi huonekana kwa rangi au mistari tu, na rangi haisomeki mtu anapopiga simu kuuliza. Kwa hiyo hali iandikwe katika kichwa cha tukio, tena iwe neno la kwanza, maana kioo cha simu hukata maneno ya mwisho.

14.6 Mfano kamili

Chama kimoja cha walimu wa Kiswahili kinataka kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESKO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ni tarehe 7 Julai ya kila mwaka. Wanataka ukumbi wa Kimihurura wa watu 120. Mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam, naye hajasema kama atapatikana tarehe 6 au 7. Jumatatu tarehe 11 Mei 2026 katibu anaandika:

> Kwa Msimamizi wa Ukumbi,
>
> Yah: Ombi la kushikiwa ukumbi kwa muda, tarehe 6 na 7 Julai 2026
>
> Tunaomba tushikiwe ukumbi mkubwa siku ya Jumatatu tarehe 6 na Jumanne tarehe 7 Julai 2026, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tutahitaji siku moja tu kati ya hizo. Tarehe zote mbili bado hazijathibitishwa, kwa kuwa mgeni rasmi hajatujibu. Mgeni akitujibu, tutathibitisha siku moja na kuiachia nyingine, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa tarehe 5 Juni 2026, kwa saa za Kigali. Tusipothibitisha kufikia wakati huo, tafadhali ziachieni tarehe zote mbili bila kutungojea.
>
> Ninawasilisha.

Barua hii ina mambo machache ya kuangaliwa darasani. Kitenzi cha ombi ni *tushikiwe*, kauli ya kutendewa katika dhamira tegemezi. Hakidai kwamba ukumbi ni wao. Hali imetajwa kwa -ja-, pamoja na nomino yake. Sharti limetajwa kwa -ki-. Ukimya umetafsiriwa mapema kwa *tusipothibitisha*. Tena katibu ameandika "kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa" badala ya "hadi Ijumaa". Neno *hadi* peke yake lingezua swali kama Ijumaa yenyewe imo au haimo.

Saa nayo imeandikwa kwa maneno na kufuatiwa na kipindi cha siku. Ingeandikwa "10:00" tu, msomaji mmoja angeisoma saa kumi jioni na mwingine, aliyezoea saa za kompyuta, angeisoma saa nne asubuhi. Maneno "kwa saa za Kigali" pia hayakuwekwa kama pambo. Rwanda iko nyuma kwa saa moja ikilinganishwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Saa kumi jioni ya Kigali ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam, na mgeni asipoambiwa ni saa za wapi, atajibu kwa kuangalia saa ya kwao.

Msimamizi anajibu siku iliyofuata:

> Tumewashikia ukumbi mkubwa tarehe 6 na 7 Julai 2026 kama mlivyoomba. Nafasi hizi ni za muda. Zisipothibitishwa kwa maandishi kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa tarehe 5 Juni 2026, kwa saa za Kigali, zitaachiwa. Mwombaji mwingine akijitokeza kabla ya hapo, tutawajulisha kwanza.

Sentensi ya mwisho ni ahadi ndogo yenye uzito, kwani inaeleza kuwa anayeshikiwa ana haki ya kuulizwa kabla ya mwingine kupewa. Kama ukumbi hautoi haki hiyo, jambo hilo nalo lisemwe wazi. Katika kalenda ya ukumbi panaandikwa:

> YA MUDA – Chama cha walimu, 7 Julai – haijathibitishwa – mwisho 5 Juni, saa kumi jioni

Tarehe 4 Juni mgeni anajibu kuwa atafika tarehe 7. Siku hiyo hiyo katibu anaandika:

> Tunathibitisha ukumbi mkubwa kwa siku ya Jumanne tarehe 7 Julai 2026, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tarehe 6 Julai tunaiachia. Mnaweza kumpa mwombaji mwingine. Tarehe na ukumbi vimethibitishwa. Idadi ya washiriki haijathibitishwa. Tutaitaja kabla ya tarehe 26 Juni.

Hapa kitenzi kiko katika wakati uliopo, *tunathibitisha* na *tunaiachia*. Kusema kwenyewe ndiko kutenda: sentensi inapomfikia msimamizi, nafasi inabadilika hali. Lau katibu angeandika "tutathibitisha" au "tungependa kuthibitisha", nafasi ingebaki ya muda, na saa kumi jioni ya kesho yake ingeachiwa ingawa yeye anadhani amekwisha kumaliza kazi. Vilevile kutajwa kwa tarehe 6 ni wajibu. Aliyeomba tarehe mbili na kuthibitisha moja bila kusema neno juu ya ya pili humwacha msimamizi aendelee kuishika hadi mwisho wa muda, na mwombaji mwingine anaweza kurudishwa bure.

Tuseme mgeni hakujibu na katibu alinyamaza. Jumatatu tarehe 8 Juni msimamizi angeandika:

> Tarehe 6 na 7 Julai 2026 hazikuthibitishwa kufikia wakati tuliokubaliana. Kwa hiyo zimeachiwa. Mkizihitaji tena, tafadhali tuandikieni ombi jipya.

Hakuna lawama katika sentensi hizi, wala haihitajiki. Kishazi cha *tusipothibitisha* kilichoandikwa na katibu mwenyewe tarehe 11 Mei kilikwisha kutoa ruhusa. Msimamizi anaeleza tu kuwa -ja- imegeuka kuwa -ku-.

14.7 Kosa la -ja- iliyosahauliwa

Kuna kosa moja ambalo haliko ndani ya sentensi, bali liko katika muda. Kiambishi -ja- hakina mwisho wake chenyewe. "Haijathibitishwa" iliyoandikwa Mei inasomeka vile vile Agosti, na kila anayeisoma anaiamini. Ndivyo kalenda zinavyojaa nafasi zinazoonekana zimeshikwa ilhali walioziomba walikwisha kuzisahau. Dalili yake ni kumbukumbu yenye -ja- ambayo tarehe yake ya mwisho imepita, au isiyo na tarehe ya mwisho kabisa. Dawa yake ni ya kisarufi: kila -ja- iandamane na kishazi cha -sipo- chenye siku na saa; na siku hiyo ikifika, -ja- ibadilishwe iwe -me- au -ku-. Isibaki kama ilivyo.

Mwalimu anaposahihisha kazi za wanafunzi wake, ampe karatasi mwanafunzi mwingine asiyejua kisa, kisha amwulize maswali matatu. Je, mtu mwingine anaweza kupewa nafasi hii leo? Ni nani anayepaswa kufanya nini, na kabla ya lini? Asipofanya, nini kitatokea? Msomaji akishindwa kujibu swali la kwanza, -ja- au -me- imekosekana. Akishindwa la pili, tarehe ya mwisho au mtenda hakutajwa. Hili hutokea sana katika kauli ya kutendwa, ambayo humficha mtenda. Akishindwa la tatu, kishazi cha -sipo- hakikuandikwa.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya hali ya nafasi katika sentensi hizi: (a) Ukumbi haujathibitishwa. (b) Ukumbi haukuthibitishwa. Taja, kwa kila moja, kama msimamizi anaweza kumpa mtu mwingine ukumbi huo.

2. Mwandishi mmoja ameandika: "Fedha zitakapoidhinishwa, tutathibitisha chumba cha semina." Mhasibu anasema hakuna hakika kuwa fedha zitaidhinishwa. Sahihisha sentensi na ueleze ulichobadilisha.

3. Sentensi hii ina utata: "Tumeahirisha semina, bado haijathibitishwa." Taja nomino mbili ambazo *i-* inaweza kurejelea, kisha uiandike upya ili utata uondoke.

4. Ukumbi mmoja wa Kigali umeweka mwisho wa kuthibitisha kuwa "asubuhi ya Jumamosi tarehe 27 Juni 2026". Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni wakati wa *umuganda*, yaani kazi za pamoja za jamii. Pendekeza mwisho unaofaa zaidi, ukitaja siku, saa kwa maneno, kipindi cha siku, na saa za mahali gani.

5. Kikundi cha wanafunzi wawili wawili: mmoja awe katibu wa shule, mwingine msimamizi wa chumba cha kompyuta cha shule jirani. Andikianeni barua nne fupi: ombi la kushikiwa siku mbili, jibu, uthibitisho wa siku moja pamoja na kuachia nyingine, na taarifa ambayo ingetumwa kama hakuna siku iliyothibitishwa. Pigieni mstari kila -ja-, -sipo-, -me- na -ku- mliyotumia, na muwe tayari kuzitetea mbele ya darasa.